Ruhusa huombwa, udhuru hutolewa: namna ya kumwandikia mwalimu mtoto akiugua

*"Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya kutwa. Jumatatu aliamka na homa, tukapima, malaria. Asubuhi hiyo, kabla ya kupima, nilikuwa nimemtumia mwalimu wake wa darasa: 'Mambo mwalimu mtoto anaumwa hatokuja shule.' Hakujibu. Leo Alhamisi binti amerudi shule, anaambiwa ameandikwa mtoro siku tatu, na jana alikosa jaribio la hisabati. Mwalimu mwenyewe ni kijana, mdogo wangu kabisa, hata kumsalimia sijui nimsalimieje. Niandikeje kwa heshima na kwa Kiswahili sahihi?"*

Dada yangu, mpe binti pole. Kwa kuwa jambo lenyewe ni la leo, nakuandikia kwanza ujumbe wa kutuma jioni hii, kisha nitakueleza kwa nini nimeupanga hivyo, ili siku nyingine uuandike mwenyewe. Jina la mtoto, mkondo na tarehe nimetia za mfano.

"Habari za jioni, Mwalimu. Mimi ni mama yake Rehema Juma Salum wa Kidato cha 2B. Rehema hakuhudhuria masomo kuanzia Jumatatu tarehe 9 hadi Jumatano tarehe 11 Machi kwa sababu alikuwa anaugua malaria. Alipimwa zahanati siku hiyo ya Jumatatu, amemaliza dawa Jumatano usiku na leo Alhamisi tarehe 12 amerudi shuleni. Jumatatu asubuhi nilikutumia ujumbe lakini sikutaja jina lake wala darasa. Naomba radhi kwa hilo. Ijumaa tarehe 13 atakuja na nakala ya karatasi ya zahanati. Nimeambiwa Jumatano tarehe 11 kulikuwa na jaribio la hisabati. Kama utaratibu wa shule unaruhusu, naomba apewe nafasi ya kulifanya siku itakayofaa. Asante sana, Mwalimu. Mama Rehema."

Sasa tuurudie ujumbe wako wa Jumatatu, maana kosa lake kubwa silo lile unalolidhania. Umehangaika na heshima, na heshima tutaifikia, ila kilichomponza binti yako ni kwamba mwalimu hakujua ni mtoto yupi. Nimekuwa mwalimu wa darasa kwa miaka mingi, najua asubuhi ya Jumatatu inavyokuwa. Darasa lina watoto hamsini, sitini. Namba za wazazi wote huwezi kuwa umezihifadhi, na wengine hubadilisha laini kila mwezi. Mwaka mmoja niliwahi kupata ujumbe wa mama mmoja: "Mwalimu, Asha anaumwa." Darasani kwangu walikuwamo Asha watatu, na siku hiyo wawili hawakuwapo. Nikamwandikia ugonjwa yule ambaye kumbe alikuwa ametoroka, na aliyekuwa kitandani nikamwandika mtoro. Mama yake alipokuja shuleni na karatasi ya hospitali mkononi sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi.

Kwa hiyo andika majina matatu kama yalivyo kwenye daftari la mahudhurio, kisha kidato na mkondo. Nyumbani tunaitana Mama Rehema, Baba Juma, na hilo ni jina zuri la kujitambulisha mwishoni mwa ujumbe, lakini peke yake halimtambulishi mtoto. Ukiwa na namba yake ya usajili shuleni itie pia, haidhuru.

Siku nazo ziandike kwa jina na tarehe pamoja. "Leo" na "kesho" hubadilika maana kadiri ujumbe unavyokaa bila kusomwa. Ukituma usiku "kesho hatakuja", mwalimu akausoma asubuhi akiwa getini, atadhani unasema ya siku inayofuata. "Siku tatu" nazo zina mushkeli wake, kwani mwingine anahesabu siku ya kuugua, mwingine anaanzia siku ya pili yake. "Jumatatu tarehe 9 hadi Jumatano tarehe 11" haimwachii mtu nafasi ya kukisia.

Jambo la pili, ambalo kwangu ndilo roho ya ujumbe wa namna hii, ni tofauti ya ruhusa na udhuru. Watu wengi huyachanganya maneno haya mawili na matokeo yake ujumbe unakuwa na sauti ya amri. Ruhusa huombwa kabla ya tendo, anayepewa ombi bado ana nafasi ya kukubali au kukataa. Udhuru hutolewa kwa jambo lililokwishatokea; unaeleza sababu, na mwenzako anaipokea au haipokei. Jumatatu asubuhi ulipaswa kuomba ruhusa: "Naomba ruhusa Rehema asije shuleni leo." Ulichofanya ni kumpa mwalimu taarifa ya uamuzi wako: "hatokuja shule". Pengine hukukusudia, lakini ndivyo inavyosikika kwa anayesoma. Leo Alhamisi huwezi tena kuomba ruhusa ya Jumatatu, siku imeshapita, na ndiyo maana ujumbe niliokuandikia hauna neno ruhusa popote. Umetoa udhuru tu: hakuhudhuria, kwa sababu hii, na ushahidi huu hapa.

Na hapo hapo kuna mtego wa tahajia unaonasa hata wasomi. Udhuru hauna h mwanzoni. Kuhudhuria kuna h. Yanafanana masikioni, hasa kwetu sisi tunaoimeza h tunapozungumza, lakini ni maneno mawili ya asili mbili tofauti za Kiarabu, moja la kutoa sababu na jingine la kuwapo mahali. Ukiandika "natoa hudhuru wa kutoudhuria" umeyapindua yote mawili kwa mpigo. La tatu katika familia hii ya sauti ni kudhuru, yaani kuumiza, ambalo halihusiani na hayo mengine. Sentensi ya kushika ni hii: natoa udhuru wa kutohudhuria.

Turudi kwenye salamu iliyokutatiza. "Mambo" ni salamu ya marika na ya mtaani. Kwa mwalimu wa mtoto wako haifai hata kama ana miaka ishirini na tano, kwa sababu hapo humsalimii kijana, unaisalimia kazi yake. Lakini shikamoo nayo haikuhusu wewe. Shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa wa umri, na ukimwamkia kijana uliyemzidi utamtia haya, hatajua aitike marahaba au akuamkie yeye. "Habari za asubuhi, Mwalimu" au "Habari za kazi, Mwalimu" inatosha na ina staha kamili. Kama nyote ni Waislamu na mmezoea, "Assalamu alaikum, Mwalimu" ni sawa kabisa. Mwalimu angekuwa mtu mzima aliyekupita umri, hapo ungeanza na "Shikamoo, Mwalimu". Na binti yako akiandika mwenyewe siku moja, kwake ni shikamoo bila mjadala, hata kwa mwalimu kijana. "Ticha" na "madamu" mwachie aitumie koridoni na wenzake. Kwenye maandishi ni Mwalimu, kwa herufi kubwa.

Usitume salamu peke yake ukasubiri itikiwe ndipo useme shida. Ana kwa ana hivyo ndivyo adabu ilivyo, lakini kwenye simu mwalimu ataliona "Habari za asubuhi" saa moja, ataingia darasani, na atakujibu "Nzuri, karibu" saa nane mchana, rejesta ikiwa imeshafungwa. Salamu na shida viende pamoja kwenye ujumbe mmoja.

Kuhusu heshima ya lugha yenyewe: Kiswahili hakina "wewe" ya mkubwa na "wewe" ya mdogo. Heshima tunaiweka kwenye kitenzi. Linganisha "mpe jaribio" na "naomba umpe jaribio", kisha na "naomba apewe nafasi ya kufanya jaribio". La kwanza ni amri. La pili ni ombi, ila bado linamnyooshea mwalimu kidole kwamba yeye ndiye wa kutenda. La tatu linaacha mlango wazi. Atakayempa anaweza kuwa yeye, mwalimu wa somo au mwalimu wa taaluma. Hii ina maana zaidi kwako, kwa sababu mwalimu wa darasa huenda si yeye anayefundisha hisabati, na jaribio la mwenzake hawezi kulitoa kwa amri yake. Ndiyo sababu nimeandika "kama utaratibu wa shule unaruhusu". Omba nafasi ya kufanya jaribio, usiombe alama. Kuna mzazi aliwahi kuniandikia "naomba umwekee hata hamsini", na ombi lile lilinifunga mikono kabisa, ilhali jaribio lenyewe ningempa mtoto kesho yake bila shida.

Neno "naomba" linatosha. Siku hizi nakutana na "ningependa kuchukua nafasi hii kukuomba", maneno mengi yasiyoongeza adabu hata chembe.

Umeona pia kwamba radhi nimeiomba mahali pamoja tu, pale penye kosa lako, yaani ujumbe uliotumwa bila jina. Sikuomba radhi kwa mtoto kuugua. Radhi huombwa na aliyekosa, na kuugua si kosa. Barua nyingi za wazazi zimejaa "samahani sana kwa usumbufu" utadhani mtoto amevunja dirisha, na msomaji anaanza kujiuliza kuna nini kinafichwa.

Ugonjwa wenyewe utajwe kiasi gani? Hapa nataka tuende taratibu. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi wewe hukujua kuwa ni malaria. Ulijua mtoto ana homa. Andika unachokijua. Wazazi wengi huandika "malaria na taifodi" kabla ya kupima, kisha karatasi ya zahanati inasema jambo jingine, na ujumbe wa kweli unaonekana wa uongo. Ungeandika hivi, na huu unaingia hata kwenye simu ya kitochi, kwani haufiki herufi 160 za ujumbe mmoja:

"Habari Mwalimu. Rehema Juma Salum (2B) ameamka na homa. Naomba ruhusa asije leo Jumatatu 9/3. Tunakwenda kupima, nitakujulisha. Mama Rehema"

Mchana, baada ya kipimo, unatuma wa pili: "Mwalimu, Rehema amekutwa na malaria na ameanza dawa. Naomba ruhusa hadi Jumatano tarehe 11. Tunatarajia arudi Alhamisi tarehe 12." Hiyo tarehe ya kurudi huipati kwa kukisia. Dawa mseto ya malaria ni dozi sita kwa siku tatu. Kama alimeza ya kwanza Jumatatu saa nane mchana, ya pili ni baada ya saa nane, yaani saa nne usiku. Kisha Jumanne asubuhi na jioni, Jumatano asubuhi na jioni. Dozi ya sita inaisha Jumatano usiku, Alhamisi anaweza kwenda shule kama homa imemwachia na mwili una nguvu. Watoto wengi huchangamka siku ya pili, mzazi akampeleka shule na dawa zikasahaulika nyumbani. Ni heri kuomba siku zote tatu mara moja kuliko kuomba moja moja kila asubuhi. Kama daktari aliandika siku za mapumziko kwenye karatasi, fuata zake, na utaje kuwa ndizo alizoandika.

Si kila ugonjwa unahitaji jina. Binti akiumwa tumbo la mwezi, "anaumwa tumbo" inatosha; mwalimu hana haja ya zaidi na mtoto ana haki ya siri yake. Mambo hubadilika ugonjwa ukiwa wa kuambukiza. Tetekuwanga, surua, macho mekundu, haya yataje kwa jina na mapema, kwa sababu jirani yake wa dawati yuko hatarini na mwalimu anatakiwa awaangalie wengine. Kwa tetekuwanga usiandike siku ya kurudi kwa uhakika. Andika kwamba atarudi malengelenge yote yakishakauka na kufanya magamba.

Kwenye sarufi sina mengi ya kukusahihisha. "Anaumwa" ni Kiswahili safi cha mazungumzo, na ndicho kitenzi cha maumivu ya kiungo: anaumwa kichwa, anaumwa jino. Ugonjwa wenye jina ukiuandika, "anaugua malaria" inakaa vizuri zaidi kwenye maandishi rasmi. "Hatokuja" tunaisema kila siku, mimi mwenyewe naisema, lakini kwenye barua andika "hatakuja". Ile -to- mahali pake ni kwenye "kutokuja" na "kutohudhuria". Andika "kwa ajili" maneno mawili, na "nilikuwa" kwa w yake, usiandike "nilikua", ambayo ni kuongezeka kimo.

Shule nyingine hazipokei ujumbe wa simu, zinataka barua. Hapo maneno ni yale yale, kinachobadilika ni umbo: anwani yako na tarehe juu kulia, chini yake kushoto anwani ya Mkuu wa Shule, kupitia kwa Mwalimu wa Darasa, kisha "Ndugu," na kichwa cha barua kikianza na YAH: au KUH:, vyote vinakubalika. Kwa mfano, "YAH: UDHURU WA KUTOHUDHURIA MASOMO, REHEMA JUMA SALUM, KIDATO CHA 2B". Baada ya hapo watu hupenda kuandika "husika na kichwa cha habari hapo juu". Ukiitaka sana, usahihi wake ni "kichwa cha habari hapo juu chahusika", lakini mimi naiacha. Kichwa kiko pale pale, msomaji amekwishakiona. Aya mbili zinatosha, ya kwanza udhuru na ya pili ombi la jaribio. Funga kwa "Wako mtiifu" au "Wako katika ujenzi wa taifa", saini, jina lako kamili na namba ya simu. Bana nakala ya karatasi ya zahanati nyuma ya barua, karatasi halisi ibaki nyumbani, kwa sababu za shuleni hupotea.

Akikujibu, bila shaka ataanza na "Poleni sana, Mama". Mjibu "Asante Mwalimu, tumeshapoa", kisha muulize ni siku gani binti amwone mwalimu wa hisabati. Kuhusu ile alama ya mtoro kwenye daftari, usiigombee leo. Kesho akishaiona karatasi ataibadilisha mwenyewe, na ikifika Jumatatu bado ipo, nenda shuleni ana kwa ana ukiwa na simu yenye ule ujumbe wako wa kwanza. Saa na tarehe vimeandikwa juu yake.